Chembe iliyopandwa bila kuulizwa

*Mwalimu, shikamoo. Kundi letu la kusoma hapa Moshi tumemaliza A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o na tumegawanyika. Wengi wanasema ni riwaya ya kukata tamaa: Kihika, mpiganaji wa msituni, alikufa bure na Uhuru ukaja mikono mitupu. Mimi naona haiishii hapo, ila nashindwa kueleza. Na kinachonisumbua zaidi ni Mugo, aliyemuuza. Mbona msaliti ndiye tunayemwonea huruma kuliko wote?*

Marahaba, dada. Tuanze na kalenda, maana nadhani hapo ndipo wenzako wameteleza. Hadithi yenyewe, ukiondoa kumbukumbu, inachukua siku chache tu: zile za kuelekea Alhamisi ya tarehe 12 Desemba 1963, siku Kenya ilipopata uhuru, na chache baada yake. Hatuonyeshwi hata mwezi mmoja wa serikali mpya. Kwa hiyo anayesema riwaya hii inaeleza jinsi watu walivyovunjika moyo baada ya uhuru anatafuta kitu ambacho hakimo kitabuni. Gikonyo anapokonywa tonge mdomoni kabla bendera haijapanda. Mugo ameoza moyoni miaka mingi kabla ya ngoma za Uhuru kulia Rung'ei, soko la jirani na kijiji chao cha Thabai. Ndoa ya Mumbi na Gikonyo imevunjika zamani.

Mwandishi alikuwa na nafasi ya kuandika yaliyofuata. Alikuwa masomoni Leeds, Uingereza, na dibaji yake fupi ina tarehe ya Novemba 1966, miaka mitatu baada ya sherehe. Humo anasema wahusika ni wa kubuni lakini hali ni ya kweli, tena inauma, kwa wakulima waliopigana na Mwingereza na sasa wanaona yale waliyoyapigania yamewekwa kando. Basi aliyajua. Angeweza kuanzisha hadithi mwaka 1965, akachora mawaziri na magari yao. Badala yake alirudi kwenye usiku wa kuamkia Uhuru akaanza kuchimba, kama mtu anayeona muhogo umeoza shambani akaenda kuitazama mbegu.

Na mbegu ndiyo neno lenyewe. Jina la kitabu linatoka kwenye Biblia, Yohana 12:24, ile aya ya chembe ya ngano isiyozaa mpaka ianguke katika nchi na kufa. Kihika ameipigia mstari katika Biblia yake. Mnaposoma, angalieni aya nyingine alizozipigia mstari, maana mwandishi anaziweka mwanzoni mwa sehemu za kitabu: Musa kwa Farao, kilio cha Waisraeli Misri, mbingu mpya na nchi mpya. Kijana wa Thabai amekichukua kitabu cha mmisionari na kukisoma kama hati ya madai ya ardhi. Hayo ndiyo matumaini katika riwaya hii, na ni ya kweli, wala mwandishi hayacheki. Ila anataka tuone yametengenezwa kwa kitu gani.

Kuna mazungumzo moja ambayo ningewaomba myasome polepole. Vijana wamekaa, Kihika anaeleza kuhusu Kristo. Anasema kifo cha Yesu peke yake hakikubadilisha chochote, kwa sababu alikufa mmoja. Kinachotakiwa ni kila mtu awe Kristo kwa mwenzake: mimi nife kwa ajili yako, wewe ufe kwa ajili yangu. Halafu, kwa mfano tu, anamgeukia Karanja na kumwambia kwamba hata yeye, Karanja, ni Kristo. Karanja huyohuyo atakayekuja kuvaa gunia usoni na kutikisa kichwa mbele ya safu za watu, kuwatambua waliokula kiapo cha Mau Mau, wapiganaji wa msituni. Karanja atakayekuwa gadi wa wakoloni, kisha chifu, kisha baba wa mtoto wa Mumbi.

Wasomaji wengi wanalipita neno hilo kama kejeli ya mwandishi. Mimi nadhani ndipo shina la kitabu lilipo. Kihika ana haki ya kujitoa mwenyewe mhanga. Lakini fundisho lake linawatoa na wengine, bila kuwauliza. "Wewe ufe kwa ajili yangu" ni sentensi tamu ukiisema ukiwa na miaka ishirini na kitu, umekaa na marafiki siku ya Jumapili. Siku inapobisha hodi mlangoni kwa mtu aliyekuwa analala, ladha inabadilika.

Ndivyo ilivyomkuta Mugo. Fuatana naye tangu mwanzo. Ni yatima, amelelewa na shangazi mlevi, Waitherero, aliyemdhalilisha mpaka akatamani kumnyonga. Shangazi anakufa mwenyewe, na Mugo anabaki hana mtu hata mmoja duniani. Anachokipata ni shamba dogo na jembe. Ndoto yake ni ndogo sana: alime, apate kitu, aheshimiwe, aachwe. Hajala kiapo. Hajawahi kwenda msituni. Vita vinapita pembeni yake kama gari la moshi.

Kisha usiku mmoja Kihika anamuua afisa wa serikali aitwaye Robson, anakimbia, na anaingia katika kibanda cha Mugo. Hakuchagua mlango huo kwa bahati. Amemtazama Mugo siku nyingi akaona mtu mtulivu, mchapakazi, asiye na maneno mengi, akasema huyu ndiye wa kuongoza mtandao wa siri kijijini. Anampa ahadi ya mahali pa kukutana katika msitu wa Kinenie. Mugo anatetemeka. Wazo linalomjia, na mimi kila nikilisoma linanipiga, ni kwamba Kihika ana mama, ana baba, ana ndugu. Akifa kuna watakaomlilia na kuwapa watoto jina lake. Mimi nina nini zaidi ya mikono hii? Kwa nini asiniache?

Unaweza kumwita mwoga, na ni mwoga kweli. Lakini hesabu yake ina mantiki, na hakuna mtu kitabuni anayeijibu. Chembe ya ngano inapoanguka, inaanguka ndani ya shamba la mtu: kuna ukoo utakaovuna. Mtu asiye na ukoo akipandwa, anavunwa na nani? Ndani ya siku chache Mugo anaona tangazo la zawadi kwa atakayemleta Kihika, anatembea kama mtu aliyepandwa na pepo mpaka ofisini kwa bwana shauri, John Thompson, na kutaja mahali pa miadi. Anachopata hapo ni mate ya Mzungu usoni. Kihika anakamatwa, anateswa, anatundikwa mtini Rung'ei, watu wakusanyike waone.

Kwa hiyo swali lako kuhusu huruma ninalijibu hivi. Tunamwonea huruma Mugo kwa sababu mwandishi ametufungia ndani ya kichwa chake kurasa nyingi sana, na kwa sababu kosa lake linaanzia pale ambapo kila mmoja wetu angetaka kujificha. Kihika tunamwona kwa nje siku zote, kupitia wanaomkumbuka. Hatujui alivyoogopa, kama aliogopa. Kitabu kinatunyima moyo wa shujaa na kutupa moyo wa msaliti. Huo ni uamuzi wa fundi.

Sasa tazameni jinsi Thabai inavyomtengenezea Mugo ushujaa, kwa sababu sehemu hii ndiyo inayounganisha dhabihu na kuvunjika moyo. Baada ya Kihika kunyongwa, kijiji kinahamishwa kwa nguvu na watu wanachimba handaki kukizunguka, kazi ya shuruti chini ya fimbo. Haya si ya kubuni: kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwahamishia Wakikuyu kwa mamia ya maelfu kwenye vijiji vya aina hiyo ili kuwakatia wapiganaji chakula. Handakini, gadi anampiga mwanamke mjamzito. Mugo anaingilia. Anakamatwa, anazungushwa kwenye kambi za kizuizi, na katika kambi ya Rira anakataa kukiri kiapo. Hana cha kukiri! Hakula kiapo chochote. Lakini kwa waliozuiliwa pamoja naye ukimya ule ni chuma. Rira panakufa watu kumi na mmoja kwa kipigo, na mwenye umri wangu haambiwi mara mbili hiyo ni picha ya nini: tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na mto Tana, wafungwa kumi na mmoja waliuawa kwa kupigwa, na habari hiyo ikalitikisa bunge la London.

Yule mwanamke wa handakini anaitwa Wambuku. Alikuwa mpenzi wa Kihika. Alimsihi asiende msituni, akaachwa, na msichana mwingine, Njeri, akamfuata Kihika msituni na kufia huko. Wambuku alikufa baada ya kipigo kile. Hapo sasa unaona mwandishi alivyofunga fundo: aliyemuuza Kihika ndiye aliyejitupa mbele ya fimbo kwa ajili ya mwanamke ambaye Kihika alimwacha. Nani hapo amejitoa mhanga kwa ajili ya nani? Ukitaka kugawa watu wa Thabai makundi mawili, mashujaa upande huu na wasaliti upande ule, mwanamke huyu mmoja anakuharibia safu zote.

Mugo anaporudi, kijiji kinataka kumsikia. Anasimama mara moja katika mkutano na kusema kitu cha kawaida kabisa, kwamba kule kizuizini hawakuwa wakifikiria ukombozi, walikuwa wakifikiria nyumbani, mama na wake zao. Anakatiza, anaondoka. Watu wanalia. Wanasema ni unyenyekevu. Kadiri anavyozidi kujificha ndivyo wanavyozidi kumwimba, mpaka wazee wanakuja kwake usiku kumwomba awe msemaji mkuu siku ya Uhuru, mbele ya mti alikotundikwa Kihika. Kijiji kilichopoteza watu wengi kinahitaji mtu mmoja hai wa kumshukuru, na kimempata aliyenyamaza. Wafu hawawezi kusahihisha, na yeye hathubutu.

Hapa naomba tumwache Mugo kidogo twende kwa Gikonyo, maana wenzako wanaposema "Uhuru mikono mitupu" nadhani wanamfikiria yeye, na wana haki. Gikonyo ni seremala. Alizuiliwa miaka sita. Kizuizini alishikiliwa na picha moja tu, ya Mumbi, mpaka siku moja akashindwa, akakiri kiapo ili arudi kwake. Sauti ya nyayo zake mwenyewe kwenye saruji, akienda kukiri, haimtoki masikioni maisha yake yote. Na kukiri hakukumfungulia mlango. Aliendelea kukaa ndani. Anaporudi hatimaye anamkuta Mumbi na mtoto mgongoni. Mtoto wa Karanja.

Gikonyo hamgusi mke wake tena, wala haongei. Anafanya biashara. Wakati wa mavuno ananunua mahindi na maharagwe kwa bei ya chini, anayaweka, wakati wa njaa anayauza. Mwandishi anaeleza biashara hii kwa utulivu, bila kumlaumu, lakini msomaji makini atajiuliza mahindi yale ya wakati wa njaa yananunuliwa na nani. Ni majirani zake. Mbegu ya tabia mpya imo hata ndani ya mtu mwema.

Gikonyo na wenzake watano wanaamua kununua shamba la mlowezi aitwaye Burton, anayetaka kuuza na kurudi kwao. Wana akiba, haitoshi, wanahitaji mkopo wa serikali. Gikonyo anakwenda Nairobi kumwona mbunge wao. Isomeni safari hiyo kama mnavyosoma ripoti. Mbunge hana ofisi jimboni; wapiga kura wanamfuata mjini. Nje ya mlango wake kuna msururu wa watu waliotoka mbali, kila mmoja na shida yake, na hakuna ajuaye atakuja saa ngapi. Anapofika ni mchangamfu, anaongea vizuri, anasema mikopo hii ni migumu, subirini kidogo, nitaona. Gikonyo anaondoka nusu akiamini. Kisha anawakusanya wenzake, wanaamua wasisubiri, waende kwa Burton na walichonacho. Langoni mwa shamba, Green Hill Farm, wanakuta kibao kipya. Burton ameshaondoka Kenya. Mwenye shamba sasa ni mbunge wao.

Tukio lote halizidi kurasa chache. Hakuna hotuba, hakuna mtu anayelaani. Kibao tu. Na bendera bado haijapanda.

Kwa nini iwe shamba, isiwe cheo au fedha? Hapa historia inasaidia. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kuanzia 1954 chini ya Mpango wa Swynnerton, serikali ilianza kuunganisha vipande vya ardhi vya Waafrika na kuviandikia hati, na katika nchi ya Wakikuyu kazi hiyo ilikwenda kwa kasi wakati maelfu ya wanaume wako kizuizini. Aliyekuwa nyumbani, mwenye cheti cha utiifu kwa serikali, alikuwepo mipaka ilipochorwa. Aliyekuwa Manyani au Hola hakuwepo. Kisha mashamba ya walowezi yalipoanza kuuzwa, kwa mpango ulioitwa wa ekari milioni moja, uliohitaji mkopo na malipo ya kwanza, swali likawa nani ana pesa na nani anajuana na wenye mkopo. Mtu aliyetoka kizuizini jana hakuwa na kimojawapo. Kibao cha Green Hill Farm kinabeba historia yote hiyo.

Ukiweka hadithi hizi mbili pamoja, utaona ni hadithi moja. Kihika alikopesha maisha yake kwa nchi. Deni hilo lipo, kijiji chote kinalijua. Lakini wanaojitokeza kulidai si wale walioweka kitu. Mbunge analidai kwa shamba. Mugo anasukumiwa heshima yake bila kutaka. Hata wapiganaji waliobaki, Jenerali R. na Koina, wanataka kulidai kwa damu: wanapanga kumfichua Karanja hadharani siku ya sherehe wakiamini ndiye aliyemuuza Kihika. Wamekosea mtu. Kama Mugo angenyamaza, nchi mpya ingeanza kwa kumuua mtu kwa kosa ambalo hakulifanya, na wote wangerudi nyumbani wameridhika.

Mugo hanyamazi. Kwanza anamwambia Mumbi, dada wa Kihika. Kisha siku ya Uhuru, mbele ya umati, mti uko palepale, anasimama na kusema ni mimi. Hakuna aliyemlazimisha. Karanja alikuwa tayari kwa kubebeshwa lawama, na Mugo alikuwa na kila sababu ya kuacha mambo yaende. Kundi lenu likijadili dhabihu katika riwaya hii, wekeni tendo hili mezani, kwa sababu ndilo pekee linalotimiza mahubiri ya Kihika neno kwa neno. Mtu mmoja anakubali kufa ili mwingine asife. Na mwingine huyo ni Karanja, yule aliyeambiwa kwa mfano kwamba ni Kristo.

Kinachofuata ndicho kinachowafanya watu waseme kitabu hiki ni cha kukata tamaa. Umati hauna la kufanya. Unaachia njia, anaondoka. Baadaye Jenerali R. na Koina wanamfuata, anahukumiwa faraghani, na mwanamke mzee, Wambui, ndiye hakimu. Wambui huyu wakati wa vita alipitisha bastola mbele ya askari akiwa ameificha mwilini. Ana haki zote za kuhukumu. Lakini mkimkuta tena, katika sura yenye jina lake na la mzee Warui, wamekaa katika baridi na manyunyu, wamechanganyikiwa. Kitu fulani kimekwenda mrama na hawajui ni wapi. Sherehe imekwisha, kila mtu yuko kwake, hakuna anayemtembelea mwenzake. Kama kuna ukurasa wa kuvunjika moyo katika kitabu hiki, mimi nawaonyesha huu kabla ya ule wa mbunge. Mwizi wa shamba unaweza kumchukia ukapata nafuu. Wambui amefanya haki, na haki haikumpa kitu.

Nina lalamiko langu, kwa kuwa umeniuliza mimi. Karanja anaondoka Thabai akiwa mzima, gari la moshi linampita kwenye reli bila kumgusa, na hakuna anayemuuliza juu ya wale aliowatambua chini ya gunia. Mwandishi anatuachia hilo bila kulifunga. Zamani nililiona ni udhaifu wa ufundi. Siku hizi sina hakika. Kenya yenyewe iliwaacha watu wa aina hiyo hivyohivyo, wengine wakiwa na hati za ardhi mkononi, na kiongozi wa nchi akihubiri kusahau ya kale. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau iliondolewa rasmi mwaka 2003. Miaka arobaini baada ya sherehe za Rung'ei.

Jambo dogo la kiutendaji: angalieni nakala zenu ni za toleo gani. Mwandishi alikifanyia marekebisho katika miaka ya 1980. Mahali pengi palipoandikwa Chama pakawa Vuguvugu, na tukio baya la ubakaji wa mwanamke wa Kizungu, ambalo katika toleo la 1967 lilimhusisha Koina, likaondolewa. Nimewahi kuona darasa likigombana saa nzima juu ya Koina, kumbe nusu wanasoma kitabu kingine.

Sasa hisia yako kwamba kitabu hakiishii kwenye giza. Uko sawa, na ushahidi wako ni kigoda. Sura ya mwisho inaitwa Harambee. Ona kwamba riwaya imeandikwa kwa Kiingereza, lakini maneno mawili yanayobeba ahadi ya siasa, Uhuru na Harambee, ni ya Kiswahili, mwandishi hakuyatafsiri. Wengine wangetegemea sura yenye jina hilo iwe na umati. Ina chumba cha hospitali. Gikonyo amevunjika mkono katika mbio za siku ya sherehe, alipokuwa akishindana na Karanja kama walivyoshindana vijana kukimbilia stesheni. Amelala, hawezi kushika randa wala patasi, na anawaza kazi ya mikono.

Tangu kizuizini alitaka kumchongea Mumbi kigoda cha mti wa muiri, zawadi ya harusi ambayo hakuwahi kumpa. Anawaza kitabebwa na sanamu tatu. Mwanamume mwembamba, mistari migumu usoni, mabega yameinama kwa uzito. Mkono wake unamfikia mwanamke, naye ana mistari hiyohiyo. Wa tatu ni mtoto, na mikono ya wazazi inakutana juu yake. Anahangaika pia na pambo la shanga la kukalia: achore shamba linalongoja kufyekwa? Jembe? Ua la haragwe? Angalieni anachokichagua fundi huyu akiwa peke yake. Hakuna bunduki, hakuna bendera, hakuna mti wa Kihika. Na uzito wa kigoda umegawanywa kwa watu watatu, kila mmoja amekubali kushika upande wake. Hiyo ni kinyume cha yale yaliyompata Mugo.

Mumbi anakuja kumwona. Gikonyo, kwa mara ya kwanza, anamuulizia mtoto. Anataka mambo yamalizike hapohapo, waongee, warudiane. Mumbi anakataa. Anamwambia yaliyopita kati yao ni mengi mno kupitishwa kwa sentensi moja, kwamba itabidi wakae, wafunguane mioyo, waangalie, kisha wapange wanataka maisha gani. Lakini si leo. Leo ana haraka; mtoto anaumwa.

Mwambie kila mmoja kundini asome ukurasa huo peke yake kabla hamjakutana. Mwanamke huyu ameuawa kaka, amengoja miaka sita, amehukumiwa na mumewe bila kuulizwa, na ndiye mtu wa kwanza katika kitabu kizima kumwambia mwenzake: tusubiri, mpaka wote wawili tuwe tayari. Kihika hakumngoja Mugo. Mbunge hakuwangoja watu sita wa Burton. Kisha anatoka, anarudi kumuuguza mtoto wa Karanja, na Gikonyo kitandani anaibadilisha sanamu ya mwanamke kichwani mwake. Atamchonga akiwa na mimba kubwa.